Sura ya Sita: Lengo la Sprinti na Swali la Siku ya Sita

Sprinti ni kipindi kifupi cha kazi, kisichozidi mwezi mmoja na ambacho katika timu nyingi za programu za kompyuta huwa cha wiki mbili; mwanzoni mwake timu huchagua kazi chache kutoka katika orodha ndefu ya mahitaji, na mwishoni mwake huonyesha kitu kinachofanya kazi kweli mbele ya wale watakaokitumia. Utaratibu huu ni kiini cha Skramu, mfumo wa kazi uliowasilishwa hadharani na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995, na ambao tangu mwaka 2010 una hati yake rasmi iitwayo Mwongozo wa Skramu. Hati hiyo imerekebishwa mara kadhaa, na marekebisho mawili kati ya hayo ndiyo msingi wa sura hii. Mwaka 2011 Mwongozo uliacha kusema kwamba timu inaahidi kumaliza orodha ya kazi ilizozichagua, ukasema badala yake kwamba orodha hiyo ni makisio. Mwaka 2020 neno la ahadi lilirudi, lakini likawekwa mahali pengine: kinachoahidiwa ni lengo la sprinti, yaani sentensi inayoeleza kwa nini sprinti hiyo inafaa kufanywa.

Mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kuwa ya maneno tu, lakini yanageuza namna timu inavyopaswa kujipima. Kama kilichoahidiwa ni orodha, basi kumaliza vitu tisa kati ya kumi ni karibu kutimiza ahadi. Kama kilichoahidiwa ni lengo, vitu tisa vinaweza kumalizika huku ahadi ikiwa haijaguswa, kwa sababu kitu cha kumi ndicho kilichokuwa mlango wa vingine vyote. Na hapo ndipo tatizo linapozuka, kwa kuwa mfumo wa kufuatilia kazi, ule ambao timu huufungua kila asubuhi kutazama bodi na chati zake, unaijua orodha peke yake. Katika Jira, mmojawapo wa mifumo inayotumiwa sana, lengo huandikwa katika kisanduku cha `Sprint goal` wakati sprinti inapoanzishwa, kisha huonekana juu ya bodi kama maandishi ya kawaida. Halifungamani na tiketi yoyote, wala hakuna hesabu yoyote ya mfumo inayolisoma. Kwa hiyo chati inayoshuka vizuri ni jibu sahihi kwa swali la orodha, na timu inayoichukua kuwa jibu la swali la lengo imejidanganya kwa takwimu ambazo zenyewe hazina kosa.

Ili jambo hili lionekane kwa undani, sura hii itatumia mfano mmoja uliotungwa kwa ajili hiyo na kuufuata hadi mwisho. Timu ya watu sita inatengeneza mfumo wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake hulipa marejesho ya mikopo dirishani, ambapo karani hupokea fedha, huandika stakabadhi na kuingiza kiasi katika kompyuta. Uongozi wa chama unataka wanachama walipe kwa simu. Sprinti ni ya wiki mbili, yaani siku kumi za kazi, na timu imekisia kwamba inaweza kubeba kazi za pointi 40, pointi zikiwa ni kipimo cha kulinganisha ukubwa wa kazi moja na nyingine, si idadi ya saa.

Katika kikao cha kupanga sprinti, lengo la kwanza lililopendekezwa lilikuwa hili: “Kukamilisha tiketi za moduli ya malipo, kurekebisha hitilafu za ripoti na kuboresha kasi ya mfumo.” Sentensi ya namna hii ni ya kawaida sana, na kasoro yake haitokani na uvivu wa mwandishi bali na mpangilio wa kikao, kwa maana timu ilianza kwa kuchagua tiketi, kisha ikatafuta maneno ya kuzifunika zote. Mkato na neno “na” vilivyomo ndani yake ni dalili ya kutosha: hapo pana malengo matatu yasiyohusiana, na siku mambo yatakapobana, sentensi hiyo haitamwambia yeyote ni lipi liachwe. Tena inazungumzia shughuli za timu, wala haisemi ni nini kitakachobadilika kwa mwanachama au kwa karani. Mwongozo wa mwaka 2020 umeuweka mpangilio kinyume chake, kwani mada ya kwanza ya kikao cha kupanga ni kwa nini sprinti hii ina thamani, na uchaguzi wa kazi huja baadaye.

Baada ya mmiliki wa bidhaa, yaani mtu mwenye dhamana ya kuamua bidhaa ielekee wapi, kuulizwa ni kitu gani angependa kukiona kwa macho siku ya kumi, sentensi iliandikwa upya: “Mwanachama wa tawi la majaribio analipa rejesho la mkopo kwa simu yake, na salio la mkopo wake linabadilika ndani ya dakika moja bila karani kuingiza chochote.” Sentensi hii ina mambo matatu ambayo ile ya kwanza haina. Inamtaja anayefaidika, na inamwekea mpaka, kwa kuwa ni mwanachama wa tawi moja tu. Inataja tukio linaloweza kushuhudiwa na mtu asiyejua kuandika programu. Na inabeba kipimo chake ndani yake, dakika moja na mikono ya karani, hivi kwamba siku ya mwisho hakutakuwa na mjadala kama lengo limefikiwa au la. Jambo ambalo haisemi nalo ni la maana: haitaji teknolojia, wala idadi ya tiketi, wala njia ya kupita, na ukimya huo ndio unaoiachia timu nafasi ya kubadili njia bila kuvunja ahadi.

Kuna jaribio moja la kupima lengo ambalo lafaa kufanywa kabla kikao hakijafungwa, nalo ni kuichukua kila tiketi iliyopendekezwa na kuuliza: hii ikiondolewa, je, lengo bado litafikiwa? Ikiwa jibu ni “hapana” kwa tiketi zote, lengo limekuwa orodha iliyovishwa nguo nyingine, na timu haina pa kupumulia. Ikiwa jibu ni “ndiyo” kwa zote, lengo ni la jumla mno na halimwongozi mtu. Katika mfano huu, tiketi zilikuwa 14, na jaribio lilizigawa katika mafungu mawili. Nane kati yake, zenye jumla ya pointi 24, zilibeba lengo. Sita, zenye pointi 16, zilikuwa kazi halali na za lazima kwa wakati wake, kama vile kuhuisha maktaba ya msimbo iliyopitwa na wakati na kurekebisha ripoti ya mwezi, lakini lengo lingefikiwa hata bila hizo. Mgawanyo wa kadiri hiyo ni wa afya. Timu inayojaza uwezo wake wote kwa kazi za lengo haina cha kutupa baharini dhoruba inapokuja.

Tiketi nane za lengo zinastahili kuelezwa, kwa sababu mtiririko wake ndio utakaoamua kila kitu baadaye. Ya kwanza (pointi 3) inaupa kila mkopo namba ya kumbukumbu ambayo mwanachama ataiingiza kwenye simu. Ya pili (pointi 1) ni kupata kibali cha kampuni ya simu kwamba taarifa za malipo ya kweli zitumwe kwenye anwani ya seva ya chama. Ya tatu (pointi 5) inaandika sehemu ya programu inayopokea taarifa hizo. Ya nne (pointi 3) inazuia malipo kuhesabiwa mara mbili, kwa maana taarifa ileile inaweza kutumwa tena pale mtumaji asipopata jibu la kwanza, na mfumo usiotambua namba ya muamala iliyokwisha kupokelewa utampunguzia mwanachama deni mara mbili kwa malipo mamoja. Ya tano (pointi 5) inagawa fedha iliyoingia kati ya faini, riba na deni la msingi kwa kufuata kanuni za chama. Ya sita (pointi 2) inabadilisha salio, ya saba (pointi 2) inamtumia mwanachama ujumbe mfupi, na ya nane (pointi 3) ni kufanya malipo ya kweli, kwa shilingi za kweli, katika tawi la majaribio.

Kwa kuwa mfumo wa kufuatilia kazi hauwezi kuutambua mgawanyo huo wenyewe, timu iliuandika ndani yake kwa njia nyepesi kuliko zote: kila tiketi ya lengo ilibandikwa lebo `lengo`. Tangu hapo mtu yeyote aliweza kuuliza ni kazi zipi za lengo ambazo bado hazijakamilika kwa mstari huu wa utafutaji:

```
sprint in openSprints() AND labels = lengo AND statusCategory != Done
```

Kazi hiyo ya kubandika lebo huchukua dakika tano, na bila hiyo ukaguzi wa katikati hugeuka kuwa mazungumzo ya hisia.

Kabla ya kuingia katika ukaguzi wenyewe, ni vizuri kuelewa chati ambayo timu huitazama na namna inavyoweza kupotosha. Chati ya kushuka ni grafu ambayo mhimili wake wa wima ni pointi zilizobaki na mhimili wa ulalo ni siku za sprinti. Mstari mnyoofu wa mwongozo huanzia jumla ya pointi siku ya kwanza na kuishia sifuri siku ya mwisho, na mstari halisi wa timu husomwa kwa kulinganishwa nao. Katika Jira, tiketi huhesabiwa kuwa imekwisha inapofika katika safu ya mwisho kulia mwa bodi, wala si kabla ya hapo. Matokeo yake ni kwamba kazi iliyobakiwa na saa moja ya uhakiki na kazi ambayo haijaguswa zina uzito uleule kwenye chati, na kwa hiyo mstari unaokwenda kwa ulalo kwa siku tatu kisha ukaporomoka ghafla si lazima uwe ishara ya uzembe. Mara nyingi unaonyesha tu kwamba kazi zilikuwa kubwa mno au zilikwama kwa pamoja kwenye foleni ya uhakiki.

Upotoshaji wa upande wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unafurahisha. Tiketi huweza kusogezwa hadi safu ya mwisho kwa kuwa msimbo umeandikwa, ingawa haujajaribiwa, na hilo hutokea hasa katika timu ambayo haijakubaliana kwa maandishi ni masharti gani kazi lazima itimize ndipo iitwe imekamilika. Tiketi kubwa huweza kukatwa vipande viwili katikati ya sprinti, kipande rahisi kikafungwa na kigumu kikabaki, chati ikashuka bila lengo kusogea hata hatua moja. Na tiketi mpya huweza kuingizwa kimyakimya, hivi kwamba pointi zilizobaki zinasimama pale pale licha ya watu kufanya kazi kwa bidii. Ripoti ya sprinti ya Jira huziwekea tiketi za namna hiyo alama ya nyota, na anayekagua hana budi kuitafuta nyota hiyo kabla ya kuulaumu mwendo wa timu.

Lililo kubwa kuliko hayo yote ni tabia ya binadamu ya kuanza na lililo jepesi. Tiketi zisizo za lengo mara nyingi ndizo zinazoeleweka vizuri, kwa kuwa ni matengenezo ya vitu vilivyopo, wakati tiketi za lengo zina mambo mapya, watu wa nje na maswali yasiyo na majibu. Mtu anayetaka kuona kitu kikisogea kwenye bodi atachukua lililo jepesi, na chati itamlipa kwa mstari mzuri.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika mfano huu. Mwisho wa siku ya tano, pointi 22 kati ya 40 zilikuwa zimekwisha na 18 zimebaki, wakati mstari wa mwongozo ulitaka zibaki 20. Timu ilikuwa mbele ya ratiba. Lakini utafutaji wa lebo `lengo` ulitoa picha nyingine kabisa: kati ya pointi 22 zilizokwisha, 15 zilitoka katika fungu la kazi zisizo za lengo, ambalo kwa hiyo lilibakiwa na pointi 1 tu, na 7 pekee zilitoka katika tiketi za lengo, yaani ya kwanza, ya sita na ya saba. Pointi 17 za lengo zilikuwa bado. Sehemu ya kupokea taarifa ilikuwa katika uhakiki. Mgawanyo wa faini na riba ulikuwa unaendelea. Kizuizi cha malipo kuhesabiwa mara mbili hakijaanzwa. Na tiketi ya kibali cha kampuni ya simu, yenye pointi 1, ilikuwa katika safu ya `In Progress` tangu siku ya pili bila kusogea.

Ukaguzi wa katikati hauna jina katika Mwongozo wa Skramu, kwa sababu Mwongozo unatarajia swali la lengo liulizwe kila siku katika kikao cha dakika 15 ambacho kazi yake ni kutazama mwendo kuelekea lengo. Katika utendaji, hata hivyo, vikao hivyo vya kila siku huteleza kwa urahisi na kuwa taarifa za mtu mmoja mmoja juu ya tiketi yake, na kwa hiyo inafaa kutenga nusu saa mara moja, asubuhi ya siku ya sita katika sprinti ya siku kumi. Siku ya tatu ni mapema mno, kwani hakuna cha kutosha kilichokwisha. Siku ya nane timu inaweza kujua ukweli lakini haiwezi kuubadilisha.

Kikao huanza kwa kuhakikisha kwamba bodi inasema kweli, ambapo kila mmoja huweka tiketi zake mahali zilipo hasa, kisha hutafutwa zile za lengo ambazo hazijabadili hali kwa siku tatu:

```
sprint in openSprints() AND labels = lengo AND statusCategory != Done AND NOT status CHANGED AFTER -3d
```

Siku hizo tatu ni za kalenda, kwa hiyo asubuhi ya Jumatatu zinaimeza Jumamosi na Jumapili, na ni busara kuandika `-5d` ili tiketi isionekane imekwama kwa sababu tu watu walikuwa mapumzikoni. Kisha lengo husomwa kwa sauti, neno kwa neno, na mazungumzo huanzia mwisho kurudi mwanzo: ili tukio lililotajwa katika sentensi litokee siku ya kumi, ni nini lazima kiwe kimekwisha siku ya tisa, na ili hicho kiwe, ni nini lazima kiwe tayari siku ya nane? Swali “umefika asilimia ngapi?” halisaidii, kwa maana asilimia tisini ya kazi ya programu inaweza kudumu wiki nzima. Swali linalosaidia ni lini kitu fulani kitaonekana kikifanya kazi, na ni nini kinachoweza kukizuia.

Kwa timu ya mfano huu, hesabu ya kurudi nyuma ilikuwa fupi. Malipo ya kweli tawini yalihitaji siku moja na nusu, pamoja na muda wa kurekebisha yatakayojitokeza. Kwa hiyo mwisho wa siku ya nane ulikuwa ukomo wa tiketi zote zinazoyatangulia, yaani kupokea taarifa, kuzuia marudio, kugawa fedha na kupata kibali. Tatu za kwanza zilikuwa mikononi mwa timu. Ya nne ilikuwa mezani kwa mtu wa kampuni nyingine, ombi lilikuwa limetumwa siku ya pili, na tangu hapo hakuna aliyeuliza. Pointi 1 katika 40 ilikuwa imelishika lengo zima, wala hilo halikuwa kosa la makisio, kwa sababu pointi hukisia juhudi na kungoja hakuna juhudi. Chati yoyote iliyojengwa juu ya pointi itakuwa kipofu kwa kungoja.

Baada ya hapo kila mwanatimu aliombwa aonyeshe kwa vidole vya mkono mmoja, wote kwa wakati mmoja ili asiwepo wa kumfuata mwenzake, ana imani kiasi gani kwamba lengo litafikiwa, kidole kimoja kikiwa hakuna imani na vitano vikiwa ni hakika. Watano walionyesha vidole vitatu au vinne. Aliyekuwa akishughulikia kibali alionyesha kimoja. Katika upigaji wa namna hii wastani hauna maana yoyote. Mwenye kidole kimoja ndiye anayepewa nafasi ya kusema kwanza, kwani kwa kawaida anajua jambo ambalo wengine hawajalisikia. Naye alieleza kwamba kampuni ile ilikuwa imeomba barua iliyopigwa muhuri wa chama, na kwamba barua hiyo ilikuwa inasubiri saini ya mwenyekiti aliyesafiri.

Kutoka hapo timu ilikuwa na uamuzi wa kufanya pamoja na mmiliki wa bidhaa, na mipaka ya uamuzi huo imeandikwa wazi katika Mwongozo: wakati wa sprinti hakuna badiliko linalohatarisha lengo, ubora haushushwi, na upana wa kazi unaweza kujadiliwa upya kadiri mambo yanavyofahamika zaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa kuhamisha mikono. Tiketi moja iliyobaki katika fungu lisilo la lengo iliwekwa kando kwa muda, na aliyekuwa nayo akachukua kizuizi cha marudio siku hiyohiyo.

Jambo la pili lilikuwa kupunguza kazi bila kupunguza lengo. Kugawa fedha kati ya faini, riba na deni la msingi kulikuwa kugumu kwa sababu ya faini, ambazo kanuni zake katika chama zina tofauti nyingi. Mmiliki wa bidhaa alikubali kwamba tawi la majaribio lianze na wanachama wasio na faini, na sehemu ya faini, yenye pointi 2, ikarudishwa kwenye orodha kuu, sprinti ikabaki na jumla ya pointi 38. Upunguzaji huu ni halali, na uhalali wake unathibitishwa kwa kuisoma tena sentensi: mwanachama wa tawi la majaribio bado analipa, salio bado linabadilika ndani ya dakika moja, karani bado haingizi chochote. Mtu aliyependekeza kizuizi cha marudio nacho kiahirishwe alikataliwa, na kwa haki, kwa kuwa huko kungekuwa kushusha ubora, tena ubora wa kitu kinachoshika fedha za watu.

Jambo la tatu lilikuwa gumu zaidi. Mwanatimu mmoja alipendekeza kwamba kibali kisipofika, malipo yafanyike katika mazingira ya majaribio ya kampuni ya simu, ambako fedha ni za kuigiza, na lengo lihesabiwe kuwa limefikiwa. Pendekezo hilo lina mvuto, kwani msimbo ungekuwa uleule. Lakini sentensi inamtaja mwanachama na simu yake, na katika mazingira ya kuigiza hakuna mwanachama. Timu inaweza kabisa kuamua kufanya hivyo kama hatua ya kujifunza, ila haina ruhusa ya kuliita jambo hilo kwa jina la lengo. Lengo linalonyooshwa siku ya sita ili litoshee kilichopo siku ya kumi halipimi kitu, na baada ya sprinti mbili tatu za namna hiyo hakuna atakayeliamini. Ilikubaliwa kwamba jaribio la kuigiza litafanyika, na kwamba kibali kisipokuja hadi mwisho wa siku ya nane itasemwa waziwazi kuwa lengo halitafikiwa.

Kuivunja sprinti hakukujadiliwa, na hapakuwa na sababu ya kujadili. Mmiliki wa bidhaa peke yake ndiye mwenye mamlaka hayo, na sababu inayotambuliwa ni lengo kupitwa na wakati, kwa mfano kama uongozi wa chama ungeamua kuacha kabisa malipo kwa simu. Lengo lililo katika hatari ya kukosekana bado ni lengo linalofaa kufukuziwa.

Lilibaki kosa ambalo siku ya sita haikuweza kulirekebisha. Lengo lililofungwa na saini ya mtu wa nje, bila yeyote kujua saini hiyo huchukua siku ngapi, halikupaswa kuingia katika sprinti kwa sura ile. Ama ombi lingetangulia sprinti moja kabla, ama lengo lingeandikwa tangu mwanzo kuwa malipo ya mfano yapite katika mazingira ya majaribio hadi kwenye salio. Kama kura ya vidole ingepigwa pia katika kikao cha kupanga, huenda kidole kile kimoja kingeonekana siku tano za kazi mapema, na hii ndiyo sababu kura hiyo inastahili kufanyika mara mbili.

Mchana wa siku ya sita mmiliki wa bidhaa alimpigia simu meneja wa chama, akamweleza hali ya kibali na tarehe ya ukomo. Barua ilitiwa saini siku ya saba na kupelekwa siku hiyohiyo. Kibali hakikuwa kimetoka mwisho wa siku ya nane, wala siku ya kumi. Siku hiyo ya mwisho mfumo wa kufuatilia kazi ulionyesha pointi 34 kati ya 38 zimekamilika, karibu asilimia 90, na tiketi mbili tu zikiwa wazi, ile ya kibali na ile ya malipo ya kweli. Katika kikao cha kuonyesha kazi, timu iliendesha malipo ya kuigiza yaliyobadilisha salio kwa sekunde chache, kisha ikaandika katika ripoti yake kwamba lengo la sprinti halikufikiwa. Meneja wa chama alikuwapo, na tangazo la kuwaita wanachama wa tawi la majaribio waanze kulipa kwa simu lilikuwa bado ndani ya faili lake, halijabandikwa.